Kutoka Makala Marefu hadi Vipande vya Maswali na Majibu: Mfano wa Maelezo ya Kuhifadhi Mahindi

Utangulizi

Mkulima anayetaka kujua iwapo mahindi yake yamekauka vya kutosha hana haja na makala ya kurasa sita kuhusu uhifadhi wa nafaka. Ana swali moja, na jua linakaribia kutua. Kwa sababu hiyo, taasisi nyingi zenye hazina za maarifa, yaani akiba ya maelezo yaliyoandikwa na wataalamu kwa matumizi ya umma, zimekuwa zikiyakata makala yao marefu kuwa vipande vifupi. Kila kipande huwekewa swali kuwa kichwa, na hutarajiwa kueleweka chenyewe, bila msomaji kulazimika kusoma kilichotangulia wala kinachofuata.

Kazi hii huonekana kuwa ya mkasi tu. Aghalabu hukabidhiwa karani, ambaye huchagua aya, huibandika swali juu yake na kuendelea na aya inayofuata. Makala haya yanaonyesha kwamba katika Kiswahili kazi hiyo ni ya kisarufi kwanza, na kwamba aya iliyoandikwa kwa ufasaha mkubwa ndiyo inayoharibika zaidi ikikatwa hivyo. Mfano uliotumiwa ni wa kuhifadhi mahindi, kwa kuwa katika uwanja huo kosa la urejeleo si kosa la mtihani. Mwaka 2004, katika eneo la mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakafa kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu ambayo pia huitwa sumukuvu. Mengi ya mahindi hayo yalikuwa yamehifadhiwa nyumbani yakiwa na unyevu.

Aya kabla ya kukatwa

Ifuatayo ni aya iliyotungwa kwa mfano wa aya zinazopatikana katika makala marefu ya aina hii:

"Baada ya kuvunwa, mahindi huanikwa juu ya turubai mpaka unyevu upungue hadi asilimia 13.5. Mkulima asiye na mashine ya kupimia anaweza kutumia chupa na chumvi. Iwe kavu kabisa. Hutiwa humo pamoja na mahindi, ikatikiswa kwa dakika moja, kisha ikaachwa itulie kwa dakika 15. Ikinata, bado hayajakauka. Hata hivyo, njia hiyo hutambua tu unyevu unaozidi asilimia 15. Baada ya hapo huandaliwa magunia yasiyopitisha hewa. Yakaguliwe kwanza, na yakiwa na tundu yasitumike. Yakifungwa barabara hukaa miezi mingi bila dawa, kwa kuwa wadudu waliomo hukosa hewa wakafa."

Aya hii haina kosa kubwa. Msomaji anayeifuata kuanzia mwanzo ataielewa, japo atasitasita mahali pawili au patatu. Inaeleweka kwa sababu Kiswahili humruhusu mwandishi kutaja nomino mara moja na kuiacha, huku kiambishi cha upatanisho katika kitenzi kikiendelea kuibeba. Mwandishi akishasema "mahindi", anaweza kuendelea na "yakaushwe", "yapimwe", "yasichanganywe" kwa sentensi nyingi bila kulirudia neno hilo. Walimu wa insha huusifu mtindo huu, na wana haki ya kuusifu. Kuirudia nomino katika kila sentensi huchosha sikio.

Tatizo ni kwamba kiambishi hicho hakitaji kitu, bali hutaja ngeli ya kitu. Katika ngeli ya LI-YA, kiambishi YA- ni cha mahindi, na pia ni cha magunia, maji, makopo, majani na mabunzi. (Ni cha makala vilevile, jambo linalompa taabu yeyote anayeandika kuhusu makala ya mahindi.) Katika aya nzima, ujirani wa sentensi ndio unaoamua ni YA- ya nani. Aya ikikatwa, ujirani huo huondoka na kiambishi hubaki kikielea.

Sentensi ya mwisho inafaa kutazamwa kwa makini zaidi. "Yakaguliwe kwanza, na yakiwa na tundu yasitumike" inahusu magunia. Papo hapo, "Yakifungwa barabara" inaweza kuhusu magunia, kwani gunia ndilo linalofungwa. Lakini "hukaa miezi mingi bila dawa" inahusu mahindi, maana gunia halitiwi dawa. Kiima kimebadilika katikati ya sentensi bila ishara yoyote, kwa kuwa nomino zote mbili ziko katika ngeli moja na hu- ya mazoea haibebi kiambishi cha ngeli hata kidogo. Msomaji wa aya nzima huruka ufa huo bila kuuona.

Hali ya chumvi ni mbaya zaidi. "Iwe kavu kabisa" inarejelea nini? Chupa na chumvi zote ziko katika ngeli ya I-ZI, na katika kipimo hiki zote mbili sharti ziwe kavu. Mkulima akikausha chupa pekee na kutumia chumvi iliyokwisha kunyonya unyevu jikoni, chumvi hiyo itanata hata kama mahindi yamekauka, naye ataendelea kuyaanika bure. "Ikinata" nayo haisemi ni nini kinachonata wala kinanata wapi.

Kuyatafuta maswali

Kabla ya kukata, mkataji huhitaji orodha ya maswali, na orodha hiyo haitoki katika makala. Hutoka kwa wanaouliza: daftari la afisa wa kilimo anayepokea simu, maswali ya mikutano ya wakulima, barua zilizoandikwa kwa idara. Maswali hunakiliwa kwa maneno ya mwulizaji. Mtaalamu ataandika "Ukaushaji wa mahindi kabla ya uhifadhi", ilhali mkulima huuliza, "Nitajuaje kama mahindi yamekauka?" Vichwa hivi viwili havilingani. Cha kwanza ni nomino iliyoundwa kutokana na kitenzi, na hakisemi ni nani anayetaka kujua nini. Kinaweza kubeba maelezo ya turubai, ya hali ya hewa, ya bei ya mashine. Cha pili hudai jibu la aina moja tu, na huonyesha mara moja sentensi zisizohusika.

Baada ya hapo mkataji huisoma aya akiandika pambizoni, mbele ya kila sentensi, ni swali gani linalojibiwa nayo. Katika aya ya mfano, sentensi ya pili hadi ya sita hujibu swali la kujua ukavu. Mbili za mwisho huchangia swali la dawa ya wadudu, na ile ya ukaguzi hujibu pia swali la tatu, la namna ya kuchagua gunia. Sentensi ya kwanza hujibu maswali yote mawili ya mwanzo: kiwango cha asilimia 13.5 ndicho kinachoupa maana uamuzi wowote kuhusu ukavu, na ndicho sharti la kufunga gunia. Hapa ndipo wakataji wengi hukosea. Sentensi inayohitajika katika vipande viwili huwekwa katika kimoja tu, kwa kuogopa kurudia. Katika makala marefu marudio ni dosari. Katika vipande vinavyojitegemea marudio ni wajibu, kwani msomaji wa kipande cha pili hatakiona cha kwanza.

Kipande cha kwanza

Sentensi zinazohusika zikishakusanywa, huandikwa upya. Nomino hurudishwa mahali pa kila kiambishi kinachoweza kupokonywa na nomino nyingine ya ngeli yake. Viashiria vya aina ya "hiyo", "hayo" na "hapo", ambavyo kazi yake ni kurejelea kilichokwisha kutajwa, huondolewa iwapo kilichotajwa kimebaki nje ya kipande. Kiunganishi cha mwanzo kama "Hata hivyo" hukaguliwa pia: ni hata hivyo dhidi ya lipi? Matokeo yake ni haya:

Nitajuaje kama mahindi yangu yamekauka iwapo sina mashine ya kupimia?

"Tumia chupa ya kioo yenye kifuniko pamoja na chumvi ya jikoni. Kausha chupa, na ukaushe chumvi pia. Tia chumvi vijiko viwili au vitatu vikubwa ndani ya chupa, kisha ongeza mahindi mpaka yafike theluthi moja ya chupa. Funga chupa, itikise kwa nguvu kwa dakika moja, halafu iache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, na sharti yarudishwe juani. Chumvi isiponata, unyevu wa mahindi uko chini ya asilimia 15. Kipimo cha chumvi hakiwezi kuonyesha iwapo mahindi yamefika asilimia 13.5, kiwango kinachotakiwa kabla ya kuyafunga katika gunia lisilopitisha hewa. Kabla ya kuyafunga, endelea kuyaanika na uyapime kwa mashine ya afisa wa kilimo au ya mnunuzi."

Kipande hiki kimekuwa kirefu kuliko sentensi zilizokizaa, na ndivyo inavyotarajiwa. Anayepima ubora wa kazi hii kwa ufupi peke yake atakuwa amepotea njia. Kiwakilishi hakikuondolewa kila mahali. "Itikise" na "iache" zimebaki, kwa sababu chupa imetajwa katika sentensi hiyohiyo na chumvi haitikiswi peke yake. Lakini neno "chumvi" limerudiwa mwanzoni mwa sentensi mbili zinazofuatana, jambo ambalo mhariri wa insha angelifuta mara moja.

La kuzingatiwa zaidi ni sentensi mbili za mwisho. Katika aya ya awali, tofauti kati ya asilimia 13.5 na asilimia 15 iligawanywa: nambari moja mwanzoni, nyingine katikati, na msomaji akaachiwa azilinganishe mwenyewe. Mkataji asiyejua somo angeiacha nambari ya kwanza nje, na kipande kingeishia kwenye "chumvi isiponata, mahindi yamekauka". Kauli hiyo ingekuwa fupi, fasaha na ya hatari. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 14 na nusu hupita mtihani wa chumvi, hufungwa katika gunia, na unyevu hubaki humo bila njia ya kutoka.

Sharti mahali pake

Swali la pili ni la ndiyo au la: "Je, mahindi yaliyofungwa katika gunia lisilopitisha hewa yanahitaji dawa ya wadudu?" Mvuto wa kichwa cha namna hii ni kwamba huomba neno moja. Jibu "La" ni sahihi, lakini lina masharti mawili, nalo hutegemea kichwa kikae juu yake daima. Vipande husomwa kwa sauti redioni, hunakiliwa kwenye karatasi, hutumwa kwa simu, na kichwa huweza kupotea njiani. Kwa hiyo jibu hulirudia swali ndani yake.

Masharti nayo yawekwe wapi? Kiswahili hutoa njia tatu. Sharti laweza kuwa sentensi ya pili ("Lakini sharti yawe makavu"), laweza kuwa kishazi chenye -ki- ("yakiwa makavu"), au laweza kuingizwa katika kirejeshi kinachoivumisha nomino ("mahindi yaliyokaushwa"). Njia ya kwanza ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa sentensi nzima yaweza kukatwa bila kuacha kovu. Njia ya pili ni imara zaidi, hasa -ki- ikitangulia. Ya tatu haiachani na nomino kwa urahisi: anayetaka kuliondoa sharti hulazimika kuivunja sentensi yenyewe. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160, na kauli ifuatayo huenea humo:

"Mahindi yaliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake hayahitaji dawa ya wadudu yakifungwa katika gunia lisilopitisha hewa na lisilo na tundu."

Kipande kamili chaweza kuanza na kauli hiyo, kisha kikaeleza sababu: fukusi na dumuzi waliomo huendelea kuitumia oksijeni iliyobaki ndani ya gunia, na oksijeni ikipungua mno wadudu hao hufa. Hufuatiwa na onyo kwamba kulifungua gunia mara kwa mara hurudisha hewa, na kwamba mahindi yaliyofungwa yakiwa na unyevu mwingi huweza kuota kuvu na kupata sumukuvu ingawa hayana mdudu hata mmoja. Onyo hilo la mwisho, katika makala marefu, kwa kawaida hukaa chini ya kichwa cha magonjwa, kurasa mbili mbele. Katika kipande lazima lihamie hapa. Asiyeuliza kuhusu kuvu ndiye anayehitaji kuambiwa habari zake.

Kwa swali "Je, sumukuvu huisha mahindi yakipikwa?", jibu huandikwa: "La, kupika mahindi hakuondoi sumukuvu. Mahindi yanayoonekana safi pia yaweza kuwa na sumukuvu, kwa kuwa sumu hiyo haionekani kwa macho." Kipande hiki ni kifupi sana na hakina haja ya kurefushwa.

Visivyokatika

Kuna maelezo ambayo hayafai kugawanywa zaidi. Kipimo cha chumvi ni mfano mzuri: kukausha chupa, kutia chumvi, kutikisa na kungoja ni hatua za tendo moja, na kila hatua huwa haina maana bila nyingine. Mtu akizitungia maswali manne atakuwa ametengeneza vipande vinne visivyomfaa yeyote. Alama ya hali hii ni swali linaloanza na "Baada ya kutikisa chupa...". Swali ambalo mwulizaji hawezi kuliuliza kabla ya kusoma kipande kingine si swali la kichwa.

Vilevile kuna sentensi zisizojibu swali la mtu yeyote: historia ya gunia, jina la kitaalamu la kuvu, maelezo ya utafiti. Hizo hubaki katika makala marefu, ambayo hayatupwi. Mtaalamu huyahitaji, na ndiyo yanayosahihishwa kwanza maarifa yanapobadilika.

Usahihishaji huo ndio gharama ya marudio. Asilimia 13.5 imeandikwa katika kipande cha kipimo, cha dawa na cha kuchagua gunia. Kiwango kikibadilishwa, kitabadilishwa pote, na kipande kimoja kikisahaulika, hazina ya maarifa itakuwa na majibu mawili yanayopingana. Dawa yake ni daftari la kawaida: upande mmoja huandikwa kila nambari na kila onyo, upande wa pili vipande vyote ambamo limo. Ni kazi ya nusu saa, na ndiyo ambayo haifanywi.

Kukijaribu kipande

Mwandishi wa kipande hawezi kukijaribu mwenyewe, kwa kuwa akilini mwake aya nzima ingali hai na kila kiambishi humrejesha kwenye nomino yake. Jaribio hufanywa na mtu ambaye hajayasoma makala marefu. Vipande huchanganywa, huchukuliwa kimoja bila mpango, na msomaji hutakiwa kutaja kiima cha kila kitenzi: nini kinakaushwa, nini kinafungwa, nini kinanata. Akisita au akiuliza "yapi?", mahali palipokosa nomino pamepatikana. Darasa la sarufi ya upatanisho laweza kuifanya kazi hii barabara kuliko ofisi nyingi.

Jaribio la pili ni la vitendo. Msomaji hupewa kipande cha chumvi, chupa, chumvi na mahindi, naye hufanya yaliyoandikwa na hayo tu. Hapa hujitokeza yaliyopita mbele ya macho ya wanasarufi: kwamba haikusemwa chupa ifungwe, au kwamba "vijiko" vyaweza kuwa vya chai.

Na mara nyingine orodha ya maswali hufichua jambo ambalo hakuna ustadi wa kukata unaoweza kulirekebisha. Mkulima huuliza: "Je, mahindi yaliyoota kuvu naweza kumpa ng'ombe?" Makala marefu hayakuligusa swali hilo, kwa kuwa yaliandikwa na wataalamu wa uhifadhi, si wa mifugo. Kishawishi cha mkataji ni kulijibu kwa sentensi zilizopo, aseme kwamba mahindi yenye kuvu "yasiliwe", na kumwachia msomaji aamue kama ng'ombe yumo katika kitenzi hicho cha kutendwa kisicho na mtenda. Ilhali ng'ombe akila chakula chenye sumukuvu ya aina ya B1, mwili wake huigeuza sehemu ya sumu hiyo kuwa M1, nayo hutoka katika maziwa wanayopewa watoto wa nyumba ileile. Kipande hicho huachwa kikiwa na kichwa peke yake, bila jibu na bila kutolewa, mpaka mtaalamu wa mifugo akiandike.